Nimelipa 360,000 na deni limekua. Je, ananiibia?

*Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili na nashona nguo. Mwaka mmoja uliopita nilikopa 500,000 kwa mtu anayekopesha watu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Tuliandikishana kwenye karatasi mbele ya shahidi: kiasi, riba, tarehe. Kila mwisho wa mwezi nimempa 30,000, sikuruka hata mwezi mmoja. Mara nyingi nilituma kwa simu, mara chache mkononi. Mwezi wa sita akaniletea karatasi mpya iliyosema nadaiwa 654,000. Nilisaini kwa sababu nilikuwa na haraka na sikutaka ugomvi.*

*Sasa mwaka umetimia, naye anasema deni ni 927,000 na ushee. Mimi nimepiga hesabu yangu: asilimia 10 mara miezi 12 ni asilimia 120, yaani riba 600,000. Jumlisha 500,000 nilizokopa, toa 360,000 nilizolipa, inabaki 740,000. Hizo laki mbili kasoro za juu zimetoka wapi? Ananiibia?*

*Kwa sasa nikijibana naweza kutoa 50,000 kwa mwezi. Nina pia cherehani ya pili ambayo haitumiki, nimepata mtu wa kuinunua kwa 250,000. Dada yangu anasema nikope kwa mtu mwingine nimlipe huyu niachane naye. Nifanye nini?*

*Fundi*

Marahaba, mama.

Hesabu yako ni sahihi. Ya kwake nayo ni sahihi. Mnatofautiana kwa sababu mnafuata kanuni mbili tofauti, na inaelekea siku mlipoandikishana hakuna aliyesema ni ipi itakayotumika.

Wewe unahesabu hivi: riba ya kila mwezi ni asilimia 10 ya zile 500,000 za mwanzo, basi ni 50,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Ulikuwa unalipa 30,000, kwa hiyo kila mwezi ulibakiza 20,000. Miezi 12 ni 240,000. Ziweke juu ya 500,000, unapata 740,000 yako.

Yeye anafanya vingine. Ile 20,000 uliyobakiza mwezi wa kwanza haiweki pembeni. Anaiingiza ndani ya deni, na mwezi wa pili riba inatozwa kwenye 520,000. Riba hiyo ni 52,000, unalipa 30,000, unabakiza 22,000, deni linakuwa 542,000. Mwezi wa tatu linafika 566,200. Ukiwa na simu yenye kikokotoo unaweza kumfuata hatua kwa hatua: andika 500000, zidisha kwa 1.1, toa 30000, kisha jibu ulilopata lizidishe tena kwa 1.1 na utoe tena 30000. Ukirudia mara sita utakuta 654,312, ndiyo ile karatasi yake ya pili. Ukirudia mara kumi na mbili utakuta 927,686. Hajakosea hata kidogo kwenye kujumlisha. Hizo 187,686 zilizozidi hesabu yako ni riba iliyotozwa juu ya riba, basi.

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa wanaposikia "asilimia 10 kwa mwezi" na kuzidisha kwa 12. Asilimia 120 kwa mwaka ni kweli kwa mtu anayelipa riba yote kila mwezi, au kwa mkopeshaji asiyeingiza riba kwenye deni. Riba isiyolipwa ikiingizwa, na mkopaji asilipe chochote mwaka mzima, 500,000 inakuwa 1,569,214. Riba peke yake ni 1,069,214, karibu asilimia 214 ya alichokopa. Na deni la namna hiyo halisubiri mwaka kuisha ndipo liongezeke mara mbili. Mwezi wa nane ukiisha limeshavuka 1,000,000.

Wewe hukuwa mtu wa kutolipa, na ndiyo maana yako yanauma zaidi. Ulilipa kila mwezi na deni likapanda kila mwezi. Itazame 30,000 yako hivi: asilimia 10 ya kiasi gani ni 30,000? Ni ya 300,000. Kwa hiyo kila mwezi ulikuwa unalipa riba kamili ya 300,000 kati ya deni lako, na hizo 300,000 zikatulia palepale. Zile 200,000 nyingine hazikuwa na mtu wa kuzilipia. Zimekua zenyewe mwaka mzima kwa asilimia 10 juu ya asilimia 10 hadi kufika 627,686. Jumlisha na 300,000 zilizotulia, unapata deni lake lote.

Kipimo hicho kingekusaidia siku ya kwanza. Ungelipa 50,000 kila mwezi, deni lisingepanda wala kushuka: mwisho wa mwaka ungekuwa umetoa 600,000 na bado unadaiwa 500,000 zilezile. Ungelipa 60,000, ungemaliza kwa miezi 19. Tofauti ya 10,000 tu kwa mwezi ndiyo inayotenganisha deni lisiloisha na deni linaloisha, na mkopeshaji mzoefu anaijua mistari hiyo kwa kichwa. Ndiyo maana hakukusumbua ulipokuwa unaleta 30,000. Mteja anayelipa kila mwezi chini ya riba ni mteja mzuri kwake: pesa inaingia, na deni linakua.

Sasa swali lako, kama anakuibia. Jibu linategemea karatasi. Umesema karatasi ya kwanza iliandika kiasi, riba na tarehe. Kama haikusema kwamba riba isiyolipwa itaongezwa kwenye deni, una haki ya kumwambia hamkukubaliana hivyo, na hesabu ya karatasi ile ni 740,000. Tatizo ni ile ya pili. Karatasi inayosema tu "nadaiwa 654,000", bila kutenganisha mkopo na riba, imegeuza riba yote iliyokuwa imelimbikizana kuwa deni la msingi, na chini yake kuna saini yako. Wakopeshaji wa namna hii hupenda sana kuandikishana upya kila baada ya miezi michache. Wanasema ni kuweka kumbukumbu sawa. Kinachotokea ni kwamba riba juu ya riba, ambayo haikuwa kwenye makubaliano, inapata saini ya mdaiwa.

Hata hivyo karatasi ya pili nayo ina mpaka wake. Hebu tuikubali ilivyo: tuseme kweli mwezi wa sita ulidaiwa 654,312. Tangu hapo hamjaandikishana tena, kwa hiyo riba ya miezi sita iliyofuata ingekuwa asilimia 10 ya kiasi hicho, yaani 65,431 kila mwezi. Ulilipa 30,000, ulibakiza 35,431. Mara sita ni 212,587. Deni linakuwa 866,899, si 927,686. Una namba tatu mkononi, basi. Ukisimamia karatasi ya kwanza ni 740,000. Ukikubali ya pili ni kama 866,900. Yake ya 927,686 haina karatasi nyuma yake.

Nani kati yenu angeshinda mbele ya sheria, hilo ni la sheria ya nchi yenu. Sehemu nyingi mtu anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni, na zipo nchi ambako riba iliyolimbikizana hairuhusiwi kuzidi mkopo wenyewe. Nenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria na karatasi zote mbili, uliza mambo hayo mawili, na uliza kama riba juu ya riba inatambulika bila kuandikwa. Nenda kabla hujakaa naye mezani.

Lakini sitaki mabishano ya 740,000 na 927,686 yakumalizie nguvu, kwa sababu kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tuseme umeshinda ubishi na amekubali 740,000, lakini asilimia 10 inaendelea. Riba ya mwezi ni 74,000. Wewe una 50,000. Deni linaanza kupanda tena mwezi huohuo. Sasa geuza: tuseme umeshindwa kabisa, umekubali 927,686 yote, lakini amekubali riba isimame leo. Ukitoa 250,000 za cherehani zinabaki 677,686, na kwa 50,000 kwa mwezi umemaliza kwa miezi 14. Kwa 740,000 riba ikiwa imesimama, ungetoa 250,000, zibaki 490,000, umalize kwa miezi 10. Kumbe ubishi wote wa namba una thamani ya miezi minne ya marejesho yako, ilhali kusimama kwa riba ndiko kunakoamua kama utamaliza au hutamaliza.

Kwa hiyo usimpelekee hizo 250,000 kwa mtindo wa "punguza deni". Nakuomba sana hapo. Ukimpa leo bila makubaliano, deni la kwake linashuka hadi 677,686, riba ya mwezi ni 67,769, wewe unalipa 50,000, na baada ya mwaka mmoja anakudai 1,057,655. Cherehani imekwenda, 600,000 nyingine zimekwenda, na deni ni kubwa kuliko la leo. Pesa ya mkupuo ndiyo silaha pekee uliyonayo kwenye mazungumzo haya, na ukishaikabidhi huna tena.

Mtu wa riba anaishi kwa pesa inayozunguka. 927,686 zilizo kwenye daftari hawezi kumkopesha mtu mwingine. 250,000 mkononi anaweza, kesho asubuhi. Tena ameshapokea 360,000 kwako. Akipokea 250,000 atakuwa ameshika 610,000, yaani mtaji wake wote umerudi na 110,000 juu. Kila kitakachofuata ni faida. Yeye pia anajua kwamba mdaiwa asiyeona mwisho hufika mahali akaacha kulipa kabisa, au akahama. Usimwambie hivyo kwa sauti ya kutisha, lakini jua kwamba hilo limo kichwani mwake.

Mazungumzo yenyewe yafanyike mbele ya yule shahidi wa mwanzo kama yupo, na mtu mmoja wa upande wako anayejua hesabu. Kabla ya siku hiyo kusanya ujumbe wote wa simu wa pesa ulizotuma na uziandike kwa tarehe. Zile za mkononi andika pia, na umwombe athibitishe kabla hamjaanza kuongelea deni, kwa maana mkishaanza kubishana kumbukumbu za watu hubadilika. Malipo yaliyokubaliwa yakifika 360,000, ndipo utoe hoja.

Anza na 740,000. Mwonyeshe karatasi ya kwanza. Mwambie una 250,000 taslimu leo, na 490,000 zilizobaki utalipa 50,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi tisa, wa kumi 40,000, bila riba yoyote kuongezwa. Akikataa, panda hadi 866,900: utatoa 250,000, zitabaki 616,900, miezi 13. Kama kuna kitu cha kuachia, achia namba. Kusimama kwa riba usikuachie. Akisema hawezi kusimamisha kabisa, basi aishushe hadi pale ambapo 50,000 yako inakula deni kwa wazi. Kwa mfano, asilimia 3 kwa mwezi kwenye 677,686 ni riba ya 20,331 mwezi wa kwanza, kwa hiyo karibu 30,000 inapunguza deni lenyewe, na ungemaliza kwa miezi 18. Ukienda juu hadi asilimia 7, riba ya mwezi wa kwanza ni 47,438, deni linapungua kwa 2,562 tu. Huko usikubali.

Mkikubaliana, iandikwe. Maneno machache yanatosha, ila yawe haya hasa:

*Leo nimepokea 250,000 taslimu. Deni lote lililobaki ni 490,000. Kiasi hiki hakitaongezwa riba wala faini. Kitalipwa 50,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi tisa, na 40,000 mwezi wa kumi. Mwezi ukirukwa, tarehe ya mwisho itasogea mbele kwa mwezi mmoja. Karatasi za awali zimefutwa.*

Sentensi ya mwezi kurukwa ataipinga. Atataka iandikwe kwamba ukikosa mwezi mmoja riba ya zamani inarudi. Ukilazimika kukubali kitu hapo, kubali faini ya kiasi kinachotajwa kwa tarakimu, kwa mfano 5,000, kamwe isiwe asilimia. Na zile karatasi mbili za zamani zirudi mikononi mwako siku hiyohiyo, kabla pesa haijahesabiwa. Karatasi inayosema "nadaiwa 654,000" ikibaki kwake, itatokea tena siku moja.

Shauri la dada yako si baya, ila halijakamilika. Kuhamisha deni kunasaidia ikiwa tu unakoenda riba ni ndogo kwa kweli. Ukikopa kwa mwingine wa asilimia 10 umebadilisha jina la anayekudai, na huenda mbaya zaidi, kwa kuwa wengi wao hukata riba ya mwezi wa kwanza palepale. Unasaini 680,000, unapewa 612,000, na riba yako halisi si asilimia 10 tena bali zaidi ya 11, kwa sababu unalipia pesa ambayo hukuishika. Tena 612,000 hazimalizi deni la 677,686, kwa hiyo unabaki na wadai wawili.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni habari nyingine, kama wewe au dada yako ni mwanachama na mnaweza kupata wadhamini. Tuchukulie wanatoza asilimia 2 kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Unauza cherehani, unakopa 677,686, unamlipa huyu bwana yote anayodai bila kubishana, na kwa 50,000 kwa mwezi unamaliza kikundini kwa miezi 16, jumla chini kidogo ya 800,000. Ukiwa na hiyo pesa taslimu mkononi unaweza hata kumwomba apokee pungufu amalizane nawe, na wengi hukubali.

Ila muulize mweka hazina swali moja kabla ya kusaini chochote: hiyo asilimia 2 ni ya deni linalobaki, au ni ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho? Kama ni ya mkopo wa mwanzo, utatozwa 13,554 kila mwezi hata pale deni litakapokuwa limebaki kidogo, na rejesho la miezi 16 litakuwa karibu 55,900 kwa mwezi. Hiyo inavuka uwezo wako wa 50,000. Waombe muda mrefu zaidi, au kopa kiasi kidogo baada ya kwanza kupunguza deni kwa mazungumzo. Usikubali kwa matumaini kwamba 5,900 itapatikana, kwa maana umeshaona mwaka huu upungufu mdogo wa kila mwezi unafika wapi.

Kuhusu cherehani yenyewe: umesema haitumiki, nami nimekuamini. Kama kuna msimu ambao huwa unaajiri msaidizi wa kuishonea, piga kwanza hesabu ya anachokuingizia. Kikiwa zaidi ya 25,000 kwa mwezi, ambayo ndiyo riba ya 250,000 kwa kiwango cha huyu bwana, bakiza cherehani na uende kikundini kwa kiasi kikubwa zaidi, mradi kipato hicho kiongezwe kwenye 50,000 zako.

Mwisho wa mwezi huu bado haujafika. Ukikaribia kabla hamjakutana, mpe 30,000 kama kawaida, kwa simu, ili ibaki kumbukumbu. Akija na karatasi ya tatu, mwambie utaisaini siku mtakapokaa na shahidi.